Mbwa kala sumu ya panya na bado anacheza? Usisubiri, nilisubiri mimi

Jumapili jioni nilipata meseji kutoka kwa kaka mmoja anayefuatilia hapa, akaandika hivi: "Dada habari, mbwa wangu jana asubuhi alikula sumu ya panya stoo, lakini mpaka sasa yuko fresh kabisa, anakula anakimbia, je niendelee kumwangalia tu?" Niliisoma mara mbili mikono ikawa inatetemeka, kwa sababu hayo maneno "yuko fresh kabisa" niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2021, nikiwa nimesimama mlangoni kwangu Morogoro namwangalia Simba wangu akikimbiza kuku wa jirani. Siku nne baadaye nikamzika.

Nataka nieleze vizuri maana kila nikiongea na wafugaji wenzangu naona kosa ni lile lile.

Tulikuwa tumevuna, stoo ina magunia ya mahindi, na panya wa msimu huo walikuwa balaa. Nikanunua sumu duka la pembejeo, vile vipakiti vya karatasi vyenye punje za buluu, nikavipanga nyuma ya magunia. Ijumaa usiku mlango wa stoo ulisahaulika wazi. Jumamosi asubuhi nikakuta vipakiti vimechanwa na Simba ana rangi ya buluu kwenye manyoya ya mdomo. Nilishtuka, nikampigia shemeji yangu ambaye amefuga mbwa miaka mingi, akaniambia shemeji mpe maziwa, asipotoka povu mpaka mchana basi amepona. Nikampa maziwa. Mchana ukafika, hakuna povu. Jumapili hakuna kitu. Nikamshukuru Mungu, nikafuta stoo, nikatupa makaratasi yote kwenye shimo la taka nikachoma. Kumbuka hapo kwenye kuchoma.

Jumatatu jioni alibakiza chakula. Jumanne akaanza kukohoa, kikohozi kidogo kikavu, na akawa analala tu mlangoni. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, na daktari akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: "Kuna kitu chochote cha ajabu alichokula?" Nikajibu hapana, chakula cha nyumbani tu. Wallahi sikudanganya kwa makusudi. Kichwani kwangu habari ya sumu ilishaisha Jumapili. Akatibiwa kikohozi, tukarudi na dawa. Jumatano jioni nikamfunua mdomo nimpe kidonge nikaona fizi zake nyeupe, nyeupe kama unga wa muhogo, na anavuta pumzi kwa tumbo. Alikufa saa tano usiku tukiwa tunatafuta usafiri. Alikuwa anatokwa damu ndani, kifuani, hakuna tone hata moja lililoonekana nje.

Sasa kwa nini dalili zilichelewa hivyo? Hili nilikuja kuelezwa baadaye na ndilo ningetaka kila mwenye mbwa alielewe. Hizi sumu nyingi za panya za madukani, zile zenye brodifakumu au bromadioloni, haziunguzi tumbo wala hazishambulii damu iliyopo. Zinakwenda kwenye ini. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu na kazi hiyo linaifanya kwa kutumia vitamini K, ambayo mwili unaitumia, unaikarabati, unaitumia tena. Sumu inazuia ule ukarabati. Lakini protini zilizotengenezwa kabla bado zinazunguka kwenye damu, kwa hiyo mbwa anaishi kwa akiba.

Fikiria maji yamekatika mtaani lakini tenki lako limejaa. Bomba la jikoni linatoka kama kawaida, unaosha vyombo, unafua, huna habari. Shida haionekani siku maji yalipokatika, inaonekana siku tenki linapokauka. Kwa mbwa, protini inayoisha haraka kuliko zote inapungua kwa nusu kila baada ya saa sita hivi, nyingine zinakaa zaidi, na ndio maana kipimo cha damu huanza kubadilika kati ya saa 36 na 72, halafu dalili unazoziona kwa macho zinakuja kwa kawaida siku ya tatu mpaka ya tano. Kwa hiyo ile Jumamosi na Jumapili ya Simba sumu haikuwa imeshindwa. Ilikuwa kazini, na mimi nilikuwa nashukuru.

Na dalili zenyewe hazifanani na sumu tunayoijua. Sisi tumezoea mbwa aliyelishwa sumu anatoka povu, anatetemeka, macho yanabadilika, saa hiyo hiyo. Hiyo ni ile sumu ya chengachenga inayouzwa kwa machinga kwenye kikaratasi bila jina, au ile ya zinki fosfidi yenye harufu kama ya kitunguu saumu, na hizo kweli zinakimbia, dakika au saa chache. Ile ya kuzuia damu kuganda inakuja kimya, anachoka, anakohoa, anachechemea kwa sababu damu imeingia kwenye kiungo, tumbo linajaa, fizi zinapauka. Ukisubiri povu utasubiri kitu ambacho hakiji.

Mwaka 2024 ilinitokea tena, kwa Zawadi, na safari hii sikukubali. Fundi aliyekuja kutengeneza dari aliacha boksi la sumu chini, nikarudi kutoka sokoni nikamkuta Zawadi analamba sakafu. Sikumwangalia hata usoni kwanza. Nilihesabu. Boksi lilikuwa na vipakiti 20, fundi kaweka vinane darini, vilivyobaki vizima ni vinane, kwa hiyo vinne vimeliwa. Nikapiga picha boksi pande zote, nikatia vilivyochanwa kwenye mfuko wa nailoni nikafunga, halafu nikamtumia daktari meseji, bado ninayo kwenye simu:

"Dokta shikamoo. Zawadi, jike, miaka 3, kilo kama 18. Amekula sumu ya panya vipakiti 4 vya gramu 25, picha ya boksi hii hapa. Ni kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, sasa ni saa 6. Hajatapika, anatembea vizuri. Hatumii dawa yoyote. Hana mimba. Mbwa mwingine alifungiwa, hajala. Nakuja nae sasa hivi."

Akajibu neno moja: njoo.

Angalia hiyo meseji ilifanya nini. Boksi lilisema brodifakumu 0.005%, maana yake kila gramu ya chambo ina miligramu 0.05. Gramu 100 ni miligramu 5, gawanya kwa kilo 18 unapata karibu miligramu 0.28 kwa kilo, na daktari akaniambia kwamba kuanzia miligramu 0.25 kwa kilo kuna mbwa wanaokufa. Hakukuwa na kubahatisha tena. Bila jina na asilimia asingeweza kupiga hiyo hesabu, bila muda asingejua kama kutapisha bado kuna maana, na bila uzito namba zote hazina kazi. Jina la sumu usihangaike kulitamka, piga picha tu. Kama umenunua kwa machinga na haina jina, sema hivyo hivyo, sema rangi na harufu, na chukua iliyobaki kwenye mfuko uliofungwa, maana tiba ya ile inayokimbia ni nyingine kabisa. Na kama umechoma karatasi kama nilivyochoma mimi, rudi dukani ukapige picha boksi lingine.

Zawadi alitapishwa pale pale, zikatoka punje za buluu nyingi, akapewa na mkaa wa dawa. Kutapisha kuna maana saa chache za mwanzo tu, na afanye daktari. Tafadhali msiwape mbwa maji ya chumvi, chumvi yenyewe inaweza kumuua, na kama anatetemeka au ni ile sumu ya zinki, kumtapisha kienyeji nyumbani ni hatari kwake na kwako pia maana inatoa gesi. Maziwa hayafanyi kitu. Nimesema.

Halafu vitamini K1. Kwa kilo zake daktari aliandika vidonge vitano vya miligramu 10 kwa siku, na chakula chenye mafuta kidogo kwa sababu bila mafuta haifyonzwi vizuri, kwa wiki nne. Wiki nne jamani, vidonge 140, nilizunguka maduka ya dawa za binadamu matatu kuvikusanya. Watu wanaacha siku ya kumi kwa sababu mbwa anaonekana mzima, lakini brodifakumu inakaa kwenye ini wiki nyingi, ukiacha mapema unafunga tena maji huku sumu bado ipo, unarudi kule kule. Na ukiuziwa K3 kataa, haifanyi kazi hii. Siku mbili baada ya kidonge cha mwisho tulirudi kupima muda wa damu kuganda, kwenye karatasi kimeandikwa PT, ikawa kawaida. Hicho kipimo cha mwisho ndicho kinachosema tumemaliza, mkia wa mbwa hausemi.

Tena mjue kwamba K1 haizibi damu papo hapo, ini linahitaji saa kadhaa, mpaka nusu siku, kutengeneza protini mpya. Mbwa ambaye fizi zimeshapauka anahitaji kuongezewa damu au plazma kwanza, na sehemu nyingi kwetu hiyo haipatikani kirahisi. Ndio maana nasema siku za "yuko fresh" ndizo siku za tiba. Simba angekuwa hai. Ningesema tu kwa yule daktari, Ijumaa alikula sumu, sentensi moja, hata Jumanne ingembadilishia kila kitu alichokuwa anafikiria. Kwa hiyo mbwa wako akikohoa wiki hii na wiki iliyopita kulikuwa na sumu nyumbani, taja, hata kama una uhakika hakula, hata kama ni ya jirani, hata kama ulimwona tu na panya aliyekufa mdomoni. Usimchagulie daktari kipi ni muhimu.

Yule kaka nilimjibu kwamba kutapisha kumeshapitwa lakini aende tu, na picha, na uzito. Picha ilikuwa ya bromadioloni. Jumatatu saa tano asubuhi akapimwa, ni saa kama 50 tangu ale, PT ilikuwa imeshapita kiwango cha juu, akaanzishiwa K1 siku hiyo hiyo. Akanitumia na video waliyoichukua pale nje wakisubiri majibu. Mbwa kaiba ndala ya mtu, anakimbia nayo kuzunguka mti.