Ncha iliyoingia ukutani bado haijafungwa

*Shikamoo mhandisi. Nakarabati nyumba ya marehemu babu hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe. Sakafu ya juu ni ya mbao, chumba kina upana wa mita 4, boriti zitapangwa kila sentimita 40. Fundi anasema mbao za 2 kwa 6 zinatosha kwa sababu ncha zinaingia ukutani sentimita 15 na atazijaza saruji. Hesabu ya kwenye simu yake imetoa mnepo wa milimita 4. Mdogo wangu anayesoma uhandisi amekokotoa mwenyewe akapata milimita 21. Tumfuate nani?*

Marahaba. Mfuateni mdogo wako, na hizo 2 kwa 6 msizinunue.

Nimerudia hesabu zote mbili na hakuna aliyekosea kujumlisha. Nimechukua mzigo wa kilo 200 kwa kila mita ya mraba, pamoja na uzito wa sakafu yenyewe, na ugumu wa mbao wa niutoni 9,000 kwa milimita ya mraba. Kwa namba hizo milimita 4 inatoka na milimita 21 inatoka. Tena zote zinatoka kwenye mlinganyo mmoja:

EI·y'''' = w

Hapa y ni mnepo, x ni umbali kutoka ncha moja, L ni urefu wote wa boriti, w ni mzigo kwa kila kipande cha urefu, na EI ni ugumu wa mbao pamoja na umbo lake. Ukiurudisha nyuma hatua nne unapata

EI·y = w·x⁴/24 + A·x³ + B·x² + C·x + D

Hapo ndipo watu wengi wanapopita mbio. Mlinganyo huu haujui lolote kuhusu nyumba ya babu yako. Unajua mzigo na mbao, basi. Namba nne, A, B, C na D, zinangoja mtu aseme ukweli kuhusu ncha za boriti: kauli mbili kwa ncha ya kushoto na mbili kwa ncha ya kulia. Ukisema uongo, mlinganyo utakupa jibu safi kabisa la boriti nyingine ambayo wewe huna.

Kauli ya kwanza haina ubishi. Ncha zimekaa juu ya ukuta, hazishuki, kwa hiyo y = 0 pande zote mbili. Ugomvi uko kwenye kauli ya pili. Mdogo wako amesema ncha zimeegemea tu, ziko huru kuinama, na ukuta hauzipindi. Hiyo ni y'' = 0. Ukianzia x = 0, D na B zinakuwa sifuri. Ukienda ncha ya pili, A inakuwa −wL/12 na C inakuwa wL³/24. Mnepo wa katikati unatoka 5wL⁴/(384EI). Simu ya fundi imesema ncha zimebanwa zisiiname hata chembe, yaani y' = 0, na jibu likawa wL⁴/(384EI). Zimetofautiana kwa ile tano tu. Lakini tano hiyo ndiyo inayotenganisha sakafu nzuri na sakafu inayonepa, maana kanuni inayotumika sana kwa sakafu ni urefu gawanya kwa 360, na kwako hiyo ni milimita 11.

Sasa nieleze kwa nini ukuta wako haubani, kwa sababu hili nimelisema Tanga na Bagamoyo mpaka koo limekauka. Fundi akiona mbao imezama ukutani anaita imefungwa. Imezama, ndiyo. Lakini kufungwa ni jambo jingine kabisa.

Chukua boriti yako ya 2 kwa 6 ikiwa huru. Chini ya mzigo ule, ncha yake inainama kwa kiasi cha wL³/(24EI), ambacho kwa namba zetu ni 0.017 hivi. Zidisha kwa sentimita 15 zilizo ndani ya ukuta: mkia wa boriti unataka kupanda milimita 2 na nusu. Hicho ndicho kiasi chote. Ukuta ukiacha nafasi ya milimita 2 na nusu juu ya mkia, kazi yote ya kubana imekwisha, boriti imekuwa huru kama ya mdogo wako. Mbao ikikauka inasinyaa. Chokaa ya zamani inamong'onyoka ukiigusa kwa kucha. Ukingo wa jiwe la matumbawe unasagika pale boriti inapoulalia. Niambie nani atakuhakikishia milimita mbili na nusu katika mazingira hayo kwa miaka thelathini.

Na tuseme hakuna nafasi kabisa. Ili ncha isiiname, ukuta unatakiwa kuipinda kwa wL²/12, na hapo ukuta una sentimita 15 tu za kushikia. Nguvu inayosukuma mkia kwenda juu inakaribia niutoni 10,000, sawa na tani moja, kwa kila boriti. Juu ya mkia huo kuna nini? Kama ni ukuta wa urefu wa mita moja chini ya paa, wenye unene wa sentimita 40, basi kila boriti ina mawe ya kilo mia tatu na kitu tu ya kuukandamiza. Tani moja itayanyanyua. Nyufa za mlalo unazoziona juu ya mstari wa boriti katika nyumba nyingine zilizokarabatiwa wakati mwingine ni ukuta ukijaribu kufanya kazi ambayo hakuna aliyeupa uwezo nayo.

Siwezi kusema ukuta haubani kabisa. Unabana kidogo, na boriti halisi huwa iko mahali fulani kati ya majibu yale mawili, karibu zaidi na la mdogo wako. Lakini kidogo hicho hukipimi, hukijui, na kinapungua kila mwaka. Usikiingize kwenye hesabu.

Miaka michache nyuma niliitwa Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ambayo mlango wa chumba cha chini ulikuwa haufunguki. Mwenye nyumba alishabadilisha bawaba mara mbili na kuuchonga mlango juu. Nilipopanda juu nikakuta boriti za 2 kwa 6, ncha zimezungushiwa saruji vizuri kabisa, na katikati sakafu imeshuka hadi kukalia fremu ya kizuizi cha mbao kilichoongezwa chini. Hakuna boriti iliyokuwa imevunjika, na hata yako isingevunjika, maana mkazo ndani yake hauzidi niutoni 9 kwa milimita ya mraba. Ndiyo maana watu wanadanganyika. Wanarukaruka juu yake, haivunjiki, wanasema imara. Kunepa na kuvunjika ni hesabu mbili, na mbao iliyobeba mzigo wa kudumu huendelea kunepa polepole kwa miaka. Ile milimita 21 ni ya siku ya kwanza.

Kama fundi bado anabisha, usibishane naye. Kuna kipimo kisichohitaji kujua ugumu wa mbao wala uzito kamili, kinachotaka uzi na rula tu. Weka boriti moja kama atakavyoiweka, na ncha azijaze apendavyo. Vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, uufunge kwenye kuta, usiufunge kwenye boriti. Pima nafasi kati ya uzi na boriti katikati, na tena mita moja kutoka ukutani. Kisha panga mifuko sita ya saruji juu yake kwa nafasi sawasawa toka ncha hadi ncha, mtu asikae chini ya boriti, na upime tena. Unachotaka ni badiliko, kwa sababu mbao yenyewe huja na kipindo chake. Ukigawa badiliko la pale mita moja kwa badiliko la katikati, boriti huru inatoa asilimia 71, na iliyobanwa kweli inatoa asilimia 56. Umbo la mnepo linakuambia masharti ya ncha hata kama hakuna anayetaka kuyasema. Kwa kuta za mawe na chokaa mimi natarajia namba ya karibu na 71.

Kwa chumba chako nunua 2 kwa 8, ziende kila sentimita 40 kama mlivyopanga. Mnepo utakuwa milimita 9. Pima mbao dukani kwa futi kamba, kwa sababu iliyopigwa randa huwa imepungua, na kimo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu. Kama 2 kwa 6 zimeshanunuliwa, zipange kila sentimita 20 na utapata milimita 10 na nusu, ila hapo utatumia mbao nyingi kwa nusu zaidi ya zile za 2 kwa 8.

Wazee waliojenga nyumba hizi walikuwa na boriti za mikoko, na vyumba vyao vilikuwa vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, kwa sababu hiyo hiyo. Urefu unaingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne: kutoka mita 2.8 kwenda mita 4 ni ongezeko dogo kwa macho, lakini boriti ile ile inanepa zaidi ya mara nne. Ukibomoa ukuta wa kati ili upate sebule kubwa, hiyo ndiyo bei.

Na hiyo saruji. Ninyi wengine mnaokarabati Mji Mkongwe, nawaomba sana msimwache fundi aizungushie kwenye ncha za mbao. Haileti kubana, tumeshaona, lakini inaleta maji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia pale pale kwenye mkia wa boriti, na mbao inaoza mahali ambapo huoni. Acheni nafasi ya kidole pembeni na nyuma ya mkia, chini muweke kipande cha mbao ngumu cha kukalia. Kwa wale ambao saruji imeshaingia: chukueni bisibisi, chomeni boriti pale inapoingia ukutani, upande wa chini. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, wekeni nguzo chini ya boriti hiyo leo, kisha ndipo mtafute mtu wa kuitazama.