Ukituma, Tuma na ya Kutoa

Kwa muda mrefu nilikuwa namtumia mama shilingi 5,000 kila mwisho wa mwezi, nikihesabu kwamba imenigharimu 57 za kutuma. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizo elfu tano mimi sijawahi kuzishika." Alikuwa anakatwa 69 kwa wakala.

Nikaketi na viwango vya M-Pesa Kenya vilivyoanza Julai 2023, ushuru wa bidhaa ulipopanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Jambo la kwanza nililokuwa nimekosea ni kudhani ushuru huo unatozwa hela inayotumwa. La hasha, unatozwa ada. (Uganda ndiko wanakotoza asilimia 0.5 ya kiasi chenyewe mtu anapotoa.) Tena ada unayoiona kwenye orodha tayari ina ushuru ndani, kwa hiyo usiongeze asilimia 15 juu yake. Ukitaka kujua sehemu ya serikali, zidisha ada kwa 15 kisha gawanya kwa 115. Zile 69 za mama: 60 ni za kampuni, 9 ni ushuru.

Sasa, nifanyeje ili mama ashike 5,000 kamili? Nilianza kutuma 5,069 kwa mkupuo, na hapo nikajikwaa. Ngazi ya 57 inaishia 5,000. Ukivuka kwa shilingi moja tu, unaingia ngazi ya 5,001 hadi 7,500, ambayo ni 78. Jumla ya gharama ikawa 78 na 69, yaani 147, karibu asilimia 3 ya hela yenyewe. Kati ya hizo, kama 19 ni ushuru.

Siku hizi natuma mara mbili: kwanza 5,000 kwa 57, halafu 69 peke yake. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure, na penye ada sufuri ushuru nao ni sufuri. Gharama inashuka hadi 126. Ni shilingi 21 za akiba, bei ya mandazi mawili, lakini mwaka una miezi 12.

Usiifanye hila hii kila mahali, ingawa. Mdogo wangu alipomtumia karo mwanawe, 20,000, ya kutoa ilikuwa 185. Akiituma kando atalipa 105 na 7, jumla 112. Akituma 20,185 pamoja atalipa 108 tu, kwa sababu huko juu ngazi zimekaribiana.

Wanaoumia ni watumaji wa hela ndogo. Ukitaka mtu ashike 600, utatuma 629 kwa shilingi 13, naye akatwe 29. Hiyo ni 42, asilimia 7. Kwa hela kama hizo mimi humuuliza kwanza anataka kununua nini, kisha namlipa mwenye duka moja kwa moja kwa namba yake ya till.