Kabla ya kuandika u, angalia integrali inayofuata

Integresheni kwa sehemu ina fomula moja tu, na karibu kila mwanafunzi wa kidato cha sita anaijua kwa kichwa:

```
∫ u dv = u v − ∫ v du
```

Wanaokwama huwa hawajaisahau fomula. Wamekosea kuamua kipi kiwe u na kipi kiwe dv. Ukitazama upande wa kulia utaona kwamba fomula yenyewe haimalizi swali lolote. Inakuondolea integrali moja na kukupa nyingine, ∫ v du, na kama hiyo ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, umejiongezea kazi. Kwa hiyo unapochagua, macho yawe kwenye v du. Ukiangalia u peke yake utapotea.

Chukua ∫ x e^(2x) dx. Tuseme umeamua u = e^(2x) na dv = x dx. Ukidifarenshieti unapata du = 2e^(2x) dx, ukiintegreti unapata v = x²/2, na ukiziweka kwenye fomula inatoka hivi:

```
(x²/2) e^(2x) − ∫ x² e^(2x) dx
```

Hakuna kosa la hesabu hapo, kila mstari ni sahihi. Lakini ulianza na x na sasa una x². Ukirudia kwa uchaguzi uleule utapata x³, kisha x⁴, na hutafika mwisho. Kipeo kinachopanda namna hii ni ishara ya kufuta na kuanza upya, na usisubiri mistari sita ndipo ukubali. Geuza: u = x, dv = e^(2x) dx. Sasa du = dx na v = ½ e^(2x), yaani ile x imetoweka na e^(2x) imebaki vilevile, imegawanywa kwa 2 tu.

```
½ x e^(2x) − ∫ ½ e^(2x) dx = ½ x e^(2x) − ¼ e^(2x) + C
```

Kutokana na mfano kama huo wengi hujiwekea sheria kwamba x ndiyo u siku zote. Sheria hiyo inavunjika mara tu inapokutana na logi. Kwenye ∫ x² ln x dx, ukisema u = x² itabidi uintegreti ln x, jambo ambalo lenyewe linahitaji integresheni kwa sehemu. Chagua u = ln x, dv = x² dx. Hapo v = x³/3, kipeo kimepanda, lakini safari hii haidhuru, kwa sababu du = dx/x. Logi imegeuka kuwa 1/x, na hiyo 1/x inakata kipeo kimoja cha x³:

```
(x³/3) ln x − ∫ x²/3 dx = (x³/3) ln x − x³/9 + C
```

Hii ndiyo sababu nasema uangalie v na du zikiwa zimeshazidishwa. Kila moja peke yake inaweza kutisha, zikikutana zikakatana.

Walimu wengi hufundisha kifupisho LIATE: logi kwanza, kisha kinyume cha trigonometria kama tan⁻¹ x, kisha aljebra kama x², kisha trigonometria, mwisho eksponensho. Kinachotangulia kwenye orodha ndicho kinakuwa u. Kinasaidia, na kwa maswali ya kawaida ya mtihani kinatosha. Ila ni mazoea, wala si kanuni iliyothibitishwa, na kuna swali moja maarufu linalokiangusha:

```
∫ x³ e^(x²) dx
```

LIATE inasema u = x³, dv = e^(x²) dx. Jaribu sasa kutafuta v. Utahangaika bure, maana integrali ya e^(x²) haiandikiki kwa fomula za kawaida tunazotumia darasani. Hapa watu huanza kubuni, wakiandika v = e^(x²)/(2x) kana kwamba 2x ni namba isiyobadilika. Difarenshieti hiyo v uone: hairudi e^(x²).

Swali hilo halikuwa na sehemu mbili tu. x³ ni x² mara x, na hakuna anayekulazimisha kuiacha nzima. Jiulize e^(x²) inahitaji nini ili iintegretike. Inahitaji x pembeni yake, kwa sababu ukidifarenshieti x² unapata 2x. Basi mpe hiyo x moja, ubakize x²:

```
u = x²        dv = x e^(x²) dx
du = 2x dx    v = ½ e^(x²)

½ x² e^(x²) − ∫ x e^(x²) dx = ½ x² e^(x²) − ½ e^(x²) + C
```

Kwa maswali ya aina hii naona ni afadhali kuanza na dv kuliko u. Tafuta kipande kikubwa kabisa unachoweza kukiintegreti bila shaka, kiite dv, na kinachosalia ndicho u. Kisha zidisha v na du pembeni, kwa penseli, kabla ya kuandika jibu. Na kama ungepewa ∫ x e^(x²) dx peke yake, usingehitaji fomula hii hata kidogo, kuweka t = x² kungetosha.

Kuna uhuru mwingine ambao vitabu vingi hupita haraka. Unapotafuta v, unaruhusiwa kuongeza namba yoyote isiyobadilika. Kwa kawaida tunaacha sifuri. Lakini tazama ∫ x tan⁻¹ x dx, ambapo u = tan⁻¹ x na du = dx/(1 + x²). Ukichukua v = x²/2, integrali mpya ina x² juu na 1 + x² chini, na itabidi ugawanye kwanza. Ukichukua v = (x² + 1)/2, asili inakatika yote na v du inabaki ½ dx:

```
½ (x² + 1) tan⁻¹ x − x/2 + C
```

Mistari mitatu imeokolewa kwa kuongeza ½.

Mwisho kuna maswali ambayo uchaguzi wowote hautoi kitu rahisi zaidi, kama I = ∫ e^x cos x dx. e^x haipungui, na cos x inageuka sin x kisha inarudi. Hapo lengo ni kufanya mara mbili hadi I itokee tena upande wa kulia ikiwa na alama ya kutoa, kisha uihamishe. Kuanza na u = e^x au u = cos x ni sawa tu. Kosa liko kwenye raundi ya pili. Kama raundi ya kwanza u ilikuwa e^x, ya pili nayo iwe e^x. Ukibadilisha, ukachukua u = sin x, unakuwa umerudi kinyumenyume njia uliyokuja nayo, na karatasi inakuonyesha I = I. Ukishikilia e^x zote mbili unapata hivi:

```
I = e^x sin x + e^x cos x − I
I = ½ e^x (sin x + cos x) + C
```

Ukiona I zimefutana zote na kubaki 0 = 0, usitafute kosa la alama. Rudi mstari wa raundi ya pili uangalie u uliyoandika.