Usiekspoti ya mlalo ukitegemea kuikata wima baadaye

"Nimerekodi kwa simu nikiwa nimeishika wima. Nikiweka kwenye programu ya kuediti, kushoto na kulia kunabaki weusi mkubwa. Nataka kuekspoti hivyo hivyo halafu nikate weusi nipate ya wima. Niweke fremu ngapi kwa sekunde, na muziki niuweke kabla au baada ya kukata?"

Mkuu, simama hapo hapo. Usiekspoti, na usifute klipu hata moja kwenye simu.

Mimi nilifanya hivyo hivyo unavyopanga. Nilimrekodi babu yangu akisimulia ujana wake, dakika 22, simu wima, ubora wa 4K, yaani pikseli 2160 kwa 3840. Nikaediti kwenye taimlaini ya mlalo ya 1920 kwa 1080 kwa sababu programu ilinipa hiyo na sikujua kama inabadilishwa. Weusi nikauona, nikaupuuza. Jamaa mmoja anayefundisha kuediti mtandaoni alisema kwa kujiamini kabisa kwamba ukishakuwa na faili la mlalo "unayo kila kitu", ukitaka wima utakata tu. Simu ilikuwa imejaa. Nikaekspoti, nikafuta klipu zote.

Hapana, huna kila kitu! Taimlaini ya mlalo ina kimo cha 1080 tu. Video ya wima ikiingia humo inapunguzwa mpaka itoshee kimo hicho, na upana wake unabaki pikseli 608 hivi. Zilizobaki, 656 kila upande, ndizo huo weusi. Ukishaekspoti, weusi si pengo tena, ni sehemu ya picha, na sura ya mtu wako imeshabanwa kwenye kile kiukanda cha katikati.

Nilipoiingiza ile faili kwenye taimlaini ya wima, babu alitokea mdogo katikati, weusi pande zote nne. Hiyo ndiyo dalili ya kosa hili. Picha yenyewe ilikuwa na upana wa pikseli 342 kati ya 1080 na kimo cha 608 hivi kati ya 1920, yaani moja ya kumi ya eneo la kioo. Nikaikuza mpaka ikajaa. Weusi ukaondoka, lakini ndevu zake nyeupe, ambazo kwenye klipu ya simu ungeweza kuzihesabu unywele kwa unywele, zikawa doa moja la kijivu. Babu ameshafariki. Hakuna wa kumrekodi tena, na yule mwalimu bado anafundisha vile vile. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo shika hili moja: ukubwa wa taimlaini uamuliwe na mahali video itakapotazamwa, na uwekwe kabla ya kuekspoti chochote. Kama inakwenda kutazamwa kwenye simu, ni 1080 kwa 1920.

Kama umeshaediti, kazi haijapotea. Tengeneza nakala ya taimlaini, uiache ya kwanza ilivyo, halafu badilisha ukubwa wa nakala. Kwenye Premiere Pro ni Sequence > Sequence Settings, pale Frame Size: upana 1080, kimo 1920. Usishtuke picha ikibaki ndogo katikati, kwa sababu klipu inakumbuka kipimo cha zamani. Ifungue kwenye Effect Controls uangalie Scale. Klipu ya 1080 kwa 1920 iliyokuwa imepunguzwa itaonyesha 56 hivi, irudishe 100. Ya 4K itakuwa 28 hivi, weka 50. Kama uliwahi kuikuza ili kuficha weusi, utakuta namba kubwa kuliko hizo, nayo irudishe hapo hapo, la sivyo utakata vichwa vya watu. Baada ya hapo pitia maandishi yote, maana uliyoyapanga kwa upana wa 1920 yatakuwa yametoka nje ya fremu. Usiyabandike chini kabisa, vitufe vya programu za simu hukaa huko.

Klipu zilizorekodiwa mlalo ndizo zitakazokusumbua. Ukizijaza kwenye wima utaona karibu theluthi moja tu ya upana, kwa hiyo chagua kwa mkono nani abaki kwenye fremu, klipu kwa klipu, kupitia Position.

Na kama klipu za simu zimeshafutwa, umebaki na faili la 1920 kwa 1080 lenye weusi, amri hii ya ffmpeg inakata kiukanda na kukikuza:

```
ffmpeg -i mlalo.mp4 -vf "crop=608:1080:656:0,scale=1080:1920,setsar=1" -c:a copy wima.mp4
```

Weusi utaondoka, ukungu utabaki. Ndiyo niliyotumia kwa ile ya babu.

Klipu zako bado ziko kwenye simu? Jibu hapa kwanza kabla hujagusa kitu.