Kabla ya kutuma namba ya mtu: ninavyowaunganisha watu wa kazi

Ukifanya uhasibu wa biashara ndogo hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, simu yako inageuka daftari la mji. Huyu anatafuta wakili wa mambo ya ardhi, yule anataka fundi wa kuchomelea anayejua mabomba ya maji moto, mwingine ana binti anayetafuta nafasi ya mafunzo kazini. Wote huanza vilevile: "Si una mtu?" Na kweli mara nyingi ninaye.

Njia rahisi ni kufungua WhatsApp, kutafuta jina na kumtumia namba. Sekunde tano, kazi imeisha. Ila hapo hujawaunganisha watu. Umempa mmoja namba anayoogopa kuipiga, na mwingine umemtayarishia simu ya mtu asiyemjua akiwa katikati ya shughuli. Wanaofanya kwa nia njema zaidi huandika ujumbe mmoja kwa wote wawili: "Kutaneni, mtasaidiana!" Huo ndio mbaya kuliko yote. Yule anayeombwa msaada sasa anajibu mbele ya hadhira. Akikaa kimya ameonekana ana majivuno, na akijibu amejifunga na jambo ambalo hakuulizwa.

Kwa hiyo mimi huuliza kila upande peke yake kwanza. Nieleze kwa mfano mmoja, maana undani wake uko katika maneno yenyewe.

Mteja wangu mmoja, nitamwita Mama, anafuga ngege kwenye vizimba ziwani, upande wa Dunga. Tulikuwa tunapanga risiti zake za chakula cha samaki akaniambia amechoka kununua barafu, anataka kujenga chumba baridi chake mwenyewe. "Si una mtu wa majokofu?" Nilikuwa naye, mhandisi anayekaa Nakuru ambaye amefunga vyumba vya maziwa na vya maua. Nitamwita Injinia. Lakini sikumtaja. Nilimwambia Mama, "Kuna mtu nitamuuliza. Akiwa na nafasi nitakuambia." Ukishataja jina kabla ya kuuliza, mwenye jina amepoteza uhuru wa kukataa kimyakimya. Siku wakikutana kwenye harusi ya mtu, Mama atajua ni nani aliyemkwepa.

Halafu nilimwomba Mama aandike yeye mwenyewe anachotaka. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, wenye kila kitu pamoja na bei ya barafu na tabia za watu wa barafu. Nikamwambia: Mama, niandikie mistari michache tu. Wewe ni nani, unafanya nini, umefika wapi, na swali lako la kwanza ni lipi. Hilo la swali ndilo tulilolifanyia kazi kidogo. "Nataka anisaidie na chumba baridi" si swali, ni mzigo. Anayeusoma anaona safari ya Kisumu, vipimo na makadirio ya gharama, vyote kabla hajamjua mtu. Mwishowe aliandika hivi:

"Habari. Nafuga ngege kwenye vizimba hapa Dunga. Nataka chumba baridi cha kuweka kama tani moja ya samaki. Nina kiwanja na umeme wa fezi moja. Naomba kujua: fezi moja inatosha, au niombe fezi tatu kwanza kabla ya kujenga?"

Hilo mtu wa majokofu analijibu kwa mistari miwili akiwa anakunywa chai, au anarudisha maswali yake mawili kuhusu mashine na joto analotaka. Na kama kazi haimfai, amemsaidia Mama na kuondoka salama. Swali dogo la kwanza ndilo linalowafanya watu wajibu. Kazi kubwa hujitokeza yenyewe baadaye.

Nikamwandikia Injinia, yeye peke yake:

"Habari za jioni Injinia. Kuna mfugaji wa samaki hapa Kisumu ana swali la chumba baridi, nimekuwekea maneno yake hapo chini. Nimefanya kazi naye muda mrefu, ni mtu wa kutimiza miadi. Naweza kukuunganisha naye? Kama uko na kazi nyingi au si eneo lako, niambie tu. Yeye hajui nimemuuliza nani."

Chini yake nikaweka maneno ya Mama kama yalivyo. Siyafupishi wala kuyapamba, kwa sababu mtaalamu husoma mengi katika namna mtu anavyouliza, na nikimwandikia upya nitakuwa nimemwahidi mtu ambaye siye. Angalia pia nilichosema juu ya Mama: anatimiza miadi. Hilo nimeliona. Kama ana pesa za kujenga najua pia, vitabu vyake ninavyo mimi, lakini hayo si yangu ya kutangaza. Mhasibu, karani wa benki, muuguzi, sote tuna mambo tuliyoyajua kwa sababu ya kiti tulichokalia. Hata namba ya simu yenyewe iko katika kundi hilo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaigusa namba ambayo mteja alinipa kwa ajili ya kazi yake, si kwa ajili ya kugawa. Sihitaji sheria ili kuuliza, lakini ni vizuri kujua ipo.

Sentensi ya mwisho, ile ya "hajui nimemuuliza nani", ndiyo watu huiacha. Wanaandika "kama una nafasi" wakidhani wameacha mlango wazi. Kwetu hapa "kama una nafasi" ni adabu tu, hakuna anayeisikia kama ruhusa ya kukataa. Mpaka mtu ajue kwamba kukataa kwake hakutafika popote, atakubali kwa mdomo kisha asijibu.

Injinia alikubali, na sharti moja: asipigiwe mchana, kwa sababu huwa juu ya ngazi au ndani ya mashine. Aandikiwe, atajibu jioni. Sharti kama hilo ni mali. Nilimpelekea Mama pamoja na jina, nikamuuliza naye kama anaridhia nitoe namba yake. Aliyeomba pia huulizwa, kwa sababu wengine wana namba ya biashara na namba ya nyumbani, na wangependa wachague.

Ndipo nikaandika ujumbe wa pamoja:

"Mama, Injinia, kama tulivyozungumza na kila mmoja wenu, nawaunganisha. Injinia anafunga vyumba baridi, yuko Nakuru. Mama anafuga ngege Dunga na ana swali la umeme wa fezi moja. Mama, tafadhali mwandikie Injinia ukipata nafasi, yeye hujibu jioni. Injinia, ukiona kazi si ya kwako mwambie wazi, hakuna shida. Mimi najitoa hapa."

Maneno "kama tulivyozungumza na kila mmoja wenu" yanamwambia kila mtu kwamba mwenzake hakushtukizwa. Bila hayo, Mama angebaki anajiuliza kama Injinia alitaka kweli. Na nimesema nani anaanza. Usiposema, wote wawili wanasubiri. Mama anaona fundi ndiye hutafuta kazi, kwa hiyo Injinia ampigie. Injinia anaona mwenye shida ndiye hubisha hodi. Nimeona watu waliotakana kabisa wakikaa wiki mbili hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake ana dharau. Anayeanza ni mwenye swali, nami humtaja kwa jina.

Kuhusu "mwambie wazi": Injinia ni kijana, Mama anaweza kumzaa. Kijana aliyelelewa vizuri hamwambii mama wa rika hilo kwamba kiwanja chake hakifai au bei yake haitawezekana. Atasema "tutaona, Mama", na "tutaona" hiyo inaweza kumgharimu Mama msimu mzima. Upande wa pili, Mama naye ana woga wa cheo cha Injinia, hatamuuliza mara mbili asipoelewa. Ruhusa hiyo ikitoka kwangu, mbele ya wote wawili, hakuna aliyemkosea mwenzake heshima.

Sikufungua kikundi cha watu watatu. Kikundi kinaniweka mimi katikati, kila "asante" inapita kwangu, na hakuna anayetaja bei mbele ya mhasibu. Nilituma ujumbe huo huo kwa kila mmoja, nikiweka chini yake namba ya mwenzake. Ukilazimika kutumia kikundi, kisalimie, eleza, kisha utoke siku hiyohiyo.

Kwa barua pepe, ambayo huitumia zaidi na watu wa vyuo na mashirika, ni rahisi zaidi. Waweke wote wawili kwenye To, na kichwa cha barua kiwe na majina yao, ili miezi sita baadaye waweze kuitafuta. Anayejibu kwanza anishukuru kwa nusu mstari na anihamishie kwenye Bcc. Hapo nitaona kwamba wamekutana, na majibu yanayofuata hayatanifikia. Wasipojua hilo, nitabaki nikisoma mazungumzo yao ya malipo, jambo ambalo halinihusu na wao hawalifurahii.

Je, kama Injinia angekaa kimya nilipomuuliza? Ningemkumbusha mara moja, baada ya siku tatu nne, kisha ningemwambia Mama sijapata mtu kwa sasa. Angekataa, ningemuuliza kama kuna mwenzake angependa nimuulize. Kimya kinachonisumbua ni kile cha aliyeomba. Injinia akishakubali na Mama asiandike, nampigia Mama siku ya tatu. Mara nyingi ameandika ujumbe akaufuta kwa kuona Kiswahili chake hakitoshi. Namwambia atume yale maneno aliyonitumia mimi, tayari Injinia ameyasoma na hakuona shida.

Baada ya hapo nauliza mara moja tu, wiki mbili hivi baadaye, na namuuliza Mama, si Injinia. Ukimuuliza mtaalamu inakuwa kama unamkagua.

Limebaki jambo la pesa. Hapa kwetu mtu akikuletea kazi, unajiuliza anatarajia nini, na swali hilo peke yake linaweza kumfanya mtu asijibu. Injinia aliniuliza kwa kuzunguka, "Na wewe tunakuweka wapi?" Nikamjibu sitaki chochote. Kama ningetaka, nilipaswa kuwaambia wote wawili katika ujumbe wa kwanza kabisa, na kiasi chake, ili Mama asije akagundua baadaye kwamba bei yake ilikuwa na fungu langu ndani.