Barua ya kodi: ukaguzi, ombi la taarifa au uhakiki tu?

"Mamlaka ya kodi wameniandikia wakitaka ankara za mauzo za miezi miwili. Ndiyo nakaguliwa? Na siku zinahesabiwa kuanzia lini?"

Hapana, kwa maelezo yako hilo ni ombi la taarifa: linataja nyaraka mahususi na kifungu cha sheria kinachokulazimu kuzitoa. Notisi ya ukaguzi ingetaja aina ya kodi, miaka itakayokaguliwa na siku ya wakaguzi kuanza kazi. Uhakiki kwa kawaida hugusa namba fulani tu ya ritani, mfano mauzo yako yasipolingana na manunuzi aliyoripoti mteja wako. Huo watu huudharau, kumbe ukinyamaza wanaweza kurekebisha ritani kwa namba yao na kukutumia makadirio, ambayo yana muda wake wa kupinga.

Siku ndizo huwakwamisha wengi. Tuseme barua ni ya tarehe 3, imekufikia tarehe 10, na inatoa siku 14. Ikisema "tangu kupokea", kwa kawaida siku ya kwanza ni tarehe 11 na ya mwisho 24. Ikisema "tangu tarehe ya barua", mwisho ni 17, yaani umebakiwa na wiki moja. Tunza bahasha au barua pepe ilivyoingia, ndiyo ushahidi wako.

Kama ankara hazijakamilika, peleka zilizopo na uombe nyongeza ya muda kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Tarehe ya ukaguzi nayo inaweza kusogezwa mbele, ukiomba mapema na kutaja siku mbadala.