Maabara wamepata stafilokokasi sugu kwa penisilini, nimkaushe ng'ombe kwa dawa gani?

"Kipimo cha maziwa cha CMT kimeganda kwa chuchu moja ya nyuma, maabara wanasema Staphylococcus aureus, penisilini R. Wiki ijayo namkausha. Tyubu ipi?"

Tafuta tyubu ya kukaushia yenye kloksasilini, si ile ya ng'ombe anayekamuliwa. Bakteria huyo kwa kawaida hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini, lakini kloksasilini hakiiwezi. Kwanza soma kwenye karatasi yako mstari wa oksasilini au sefoksitini, ndio unaoonyesha kama kloksasilini itafaa. Ukikuta R, usinunue, mpigie daktari wa mifugo.

Ndugu hapo juu anayesema CMT inatosha kuchagua dawa yuko sahihi nusu: kuganda kunaonyesha kiwele kinapambana, ila CMT haikuambii ni mdudu gani wala dawa gani. Na dada ambaye ng'ombe wake ana chuchu iliyovimba na yenye moto, hiyo ni kesi nyingine, usingoje kukausha.

Baada ya kukamua mara ya mwisho, futa ncha kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, ukianza na chuchu za mbali. Kuweka dawa anza na za karibu, mkono usichafue zilizosafishwa. Tyubu moja kila chuchu, zote nne, mdomo uingie kidogo tu.

Kama ng'ombe ni mzee, au ukiminya robo hiyo ya kiwele unahisi vinundu vigumu, mimi nisingeitegemea sana dawa hiyo. Akizaa, rudisha sampuli maabara, zaidi ya mara moja, maana stafilokokasi hujificha. Siku za kutouza maziwa zimeandikwa kwenye boksi.

Ana mimba ya miezi mingapi, na amezaa mara ngapi?